Umetumiwa picha ya fomu ya sensa uitafsiri? Fanya hivi, swali kwa swali

Hii naiandika kwa yule mtu ambaye kwenye ukoo wao ndo anajulikana anaijua lugha ya fomu. Simu inaingia meseji, picha tatu za karatasi zimepigwa kiupande, chini pameandikwa "mwanangu hebu nisomee hapa wanataka nini". Nimeshafanya nyingi za hivi na maneno magumu hayajawahi kunisumbua sana, neno gumu unalitafuta unalipata. Yanayoharibu ni yale mepesi, kazi, ndugu, anaishi, umri, ambayo unayapitia haraka kwa sababu unayajua, kumbe kwenye fomu ya sensa kila moja limepewa mipaka yake na mipaka hiyo sio ya mazungumzo yetu ya kawaida.

Twende na kaya moja mwanzo mpaka mwisho. Aliyenitumia ni shangazi yangu. Nyumbani kwake kuna yeye mwenyewe, mume wake ambaye ni mlinzi wa usiku, mama mkwe wake ambaye ni mtu mzima sana, mtoto wa kaka yake anayemlea, binti yake anayesoma chuo mji mwingine, na siku hizo kulikuwa na rafiki yake amekuja kukaa siku tatu.

Kwanza picha yenyewe

Usianze kutafsiri kabla hujahakikisha una fomu nzima. Shangazi alinitumia ukurasa wa 1, wa 2 na wa 4, na mi ningeendelea tu kama nisingeona namba za maswali zimetoka 9 zikaruka hadi 15. Kwaiyo angalia namba za maswali kabla ya kitu kingine chochote. Alafu omba na jalada pamoja na nyuma ya kila karatasi, maana tafsiri ya maneno kama "kaya" na "mkazi" mara nyingi imeandikwa jaladani na sio kwenye swali.

Mwambie apige karibu na dirisha mchana, flashi izimwe kwa sababu karatasi inang'aa na maandishi yanapotea, kona zote nne zionekane, na aitume kama dokumenti, sio kama picha ya kawaida. Ukituma picha kawaida kwenye WhatsApp inabanwa na yale maandishi madogo chini ya swali yanakuwa ukungu, na hayo madogo ndo yanayobeba masharti. Namna ya kupima ni rahisi, vuta picha uone maandishi madogo kuliko yote, ukishindwa kutofautisha 3 na 8 basi irudiwe. Usikisie namba ya swali, kwa sababu fomu nzima inatembea kwa namba.

Kitu kingine, kwenye jalada huwa kuna msimbo wa kaya, ule wa kuingilia fomu kwenye mtandao. Aufunike na kipande cha karatasi anapopiga, na picha asizitume kwenye grupu la familia. Wewe kutafsiri huuhitaji.

Isome yote kabla hujaandika hata neno moja

Ukiisoma mara ya kwanza unatafuta vitu vitatu, ni wakati gani fomu inaongelea, inahesabu nani, na mishale ya kuruka iko wapi.

Wakati kwanza. Sensa inapiga picha ya watu kwa sekunde moja, inaitwa wakati wa rejea, na mara nyingi ni usiku wa manane wa tarehe fulani. Hapa Kiswahili kina mtego wake. Fomu imeandika saa 12 usiku kwa hesabu yao, ukimwandikia shangazi "saa kumi na mbili" ye anaelewa magharibi au alfajiri. Andika "saa sita usiku wa kuamkia tarehe fulani", na neno kuamkia usiliache, maana bila hilo mtu hajui ni usiku wa kuingia tarehe hiyo au wa kuitoka. Mtoto aliyezaliwa saa sita na nusu, baada ya wakati wa rejea, hahesabiwi, na mtu aliyefariki saa saba usiku huo anahesabiwa kwa sababu saa sita alikuwa hai. Inauma kumweleza mtu hivyo lakini mweleze. Na tarehe pia uiandike kwa jina la mwezi, kwa sababu 03/04 kuna wanaoisoma Aprili na kuna wanaoisoma Machi.

Alafu nani anahesabiwa. Kuna fomu za aina mbili na usipozitofautisha orodha yote inakosewa. Moja inahesabu waliolala hapo usiku ule, awe mwenyeji au mgeni. Nyingine inahesabu wakazi wa kawaida, yani ambao hapo ndo makao yao, na huwa inataja kipimo, mara nyingi miezi 6 au 12, ambayo mtu amekaa au anatarajia kukaa.

Hapa niliwahi kukosea na ndo kwa shangazi huyu huyu. Fomu yake ilikuwa ya wakazi wa kawaida, mi nikamwandikia kifupi "andika wote wanaoishi hapa". Akamwandika na binti wa chuo. Nilipomuuliza akaniambia "mwanangu, huyu si anaishi kwangu, kitanda chake hiki hapa". Na kwa Kiswahili chetu yuko sahihi kabisa. Ila maandishi madogo yalisema mwanafunzi anahesabiwa anapokaa wakati wa masomo, kwaiyo binti angehesabiwa mara mbili, huku na kule chuoni. Siku hizi sitafsiri tu neno, naandika swali kwa kirefu: "Andika mtu ambaye hapa ndo anakaa siku nyingi za mwaka. Mwanafunzi anayelala chuoni usimwandike hapa. Mgeni wa siku chache usimwandike."

Kwa kaya yetu ikawa hivi. Shangazi yumo, mama mkwe yumo, mtoto wa kaka yumo. Mume yumo ingawa usiku ule alikuwa lindo, na hata fomu ingekuwa ya waliolala kwa kawaida anayefanya kazi usiku na kurudi asubuhi anahesabiwa kwake. Rafiki hayumo, anahesabiwa kwao. Fomu ingekuwa ya waliolala, rafiki angeingia na binti angebaki kuhesabiwa alikolala. Watu wale wale, fomu mbili, orodha mbili.

Mishale ya mwisho. "Kama hapana nenda swali la 22" usiitupe eti sio swali. Mtu akijibu maswali ambayo hayamhusu anaishia kujipinga, kwa mfano amesema hajawahi kwenda shule alafu chini anaandika ngazi aliyofika.

Namna ya kumwandikia

Mi natumia karatasi tofauti, siandiki juu ya picha. Kila swali linabaki na namba yake ya kwenye fomu na majibu yanabaki kwa mpangilio na misimbo ile ile, kama kwenye fomu ni 1, 2, 3, na kwangu ni 1, 2, 3, ili yeye aweke alama kwenye kisanduku kile kile bila kujua lugha. Mfano halisi:

"Swali la 17. Linamhusu kila mtu wa miaka 5 na zaidi. Linauliza ngazi ya juu ya elimu ALIYOMALIZA. Chagua moja tu. 1 hakumaliza yoyote, 2 msingi, 3 sekondari, 4 chuo. Ukichagua 1 nenda swali la 19."

Ona nimeandika chagua moja tu. Kuna maswali ya alama moja na kuna ya "weka alama zote zinazohusika", usipomwambia hatajua.

Na hilo swali la elimu angalia kitenzi. Kuna fomu inauliza aliyomaliza na kuna inayouliza aliyofika. Mume wa shangazi aliingia sekondari akaacha mwaka wa pili. Kwa aliyomaliza ni msingi, kwa aliyofika ni sekondari mwaka wa pili. Neno "elimu yako" peke yake halimtoshi.

Uhusiano na mkuu wa kaya

Hapa Kiswahili kina utajiri ambao fomu haiutaki. Kwetu mtoto wa kaka yangu ni mwanangu, simwiti vingine, na shangazi alitaka kumwandika mtoto. Lakini fomu imetenga mtoto wa kuzaa, mtoto wa kambo, mtoto aliyeasiliwa kisheria, na ndugu mwingine. Anayelelewa bila kuasiliwa, kwenye fomu ile aliingia "ndugu mwingine". Mweleze kwa upole kwamba haimwondoi mtoto kwenye familia, wanataka tu kujua damu na sheria.

Neno "ndugu" nalo usiliache peke yake kamwe. Linaweza kuwa wa tumbo moja, linaweza kuwa yeyote wa ukoo. Andika "kaka au dada wa baba mmoja au mama mmoja" panapotakiwa hivyo, na "ndugu mwingine wa ukoo" panapotakiwa hivyo. "Bibi" pia, kuna anayeelewa mama wa mzazi na kuna anayeelewa mke.

Na uelekeo. Swali linataka huyu mtu ni nani KWA mkuu wa kaya, sio mkuu wa kaya ni nani kwake. Shangazi ndo alijiandika wa kwanza, basi mama mkwe anaandikwa mkwe, na mume anaandikwa mume. Angekuwa mume ndo mkuu, yule mama angekuwa mama. Kabla hujaanza swali hili uliza "mtu wa kwanza uliyemwandika ni nani".

Umri

Sensa inataka miaka iliyotimia. Mtu anayetimiza 30 mwezi ujao ana 29. Kichanga ambaye hajafikisha mwaka ni 0, sio 1 na sio miezi, isipokuwa fomu iseme iandikwe miezi. Wengi wetu tukiulizwa umri tunataja ule tunaouelekea, kwaiyo kwenye tafsiri mi sisemi "umri wako", nasema "miaka uliyokwisha timiza hadi siku hiyo".

Mama mkwe hakuwa na cheti na jibu lililotoka haraka lilikuwa "weka sabini". Usikubali haraka. Watu wasiojua umri wanakimbilia namba zinazoishia na 0 au 5, na jambo hilo linajulikana mpaka wataalamu wa takwimu wana kipimo chake, fahirisi ya Whipple, kinachoangalia wangapi kati ya miaka 23 na 62 wametaja umri unaoishia hivyo. Tulichofanya ni kumuuliza matukio. Mtoto wake wa kwanza mwaka wake wa kuzaliwa unajulikana, ni 1971, na yeye anakumbuka alikuwa ameolewa miaka miwili na aliolewa na miaka 18. Hapo alizaliwa 1951 hivi, ukitoa kwenye mwaka wa sensa unapata namba inayotetewa kuliko sabini ya kubuni. Bado ni makadirio, na kama fomu ina kisanduku cha makadirio kiwekwe alama.

Kazi, hapa nenda polepole

Hili ndo swali linaloharibika kuliko yote na kosa ni la mtafsiri. Fomu inauliza kitu kama "katika siku 7 zilizopita ulifanya kazi kwa malipo au faida, hata kama ni kwa saa 1". Ukilitafsiri "je umeajiriwa", shangazi anayeuza vitu vyake mwenyewe anajibu hapana, kwa sababu hana mwajiri. Kumbe kwa kipimo cha Shirika la Kazi Duniani, saa 1 tu ndani ya wiki ya rejea inatosha kumhesabu kuwa ana kazi, awe ameajiriwa, amejiajiri au anasaidia biashara ya familia bila mshahara. Mi nililiandika hivi: "Siku saba kabla ya tarehe ile, kuna shughuli yoyote uliyofanya ya kuingiza pesa, hata saa moja, iwe yako, ya mtu au ya familia?" Jibu likageuka papo hapo.

Ndani ya siku hizo saba, sio kwa kawaida. Mtu aliyeacha kazi miezi miwili nyuma hawezi kujibu ndiyo kwa sababu "ye ni fundi". Lakini aliyekuwa likizo au mgonjwa wiki ile na kazi yake inamsubiri, kuna swali lake linalofuata, na ndo maana mshale wa hapa unatakiwa uufuate vizuri. Kuhusu kulima chakula cha kula nyumbani fomu zinatofautiana, nyingine zinaihesabu kazi na nyingine zinaitenga, soma maandishi madogo usimwamulie.

Alafu yanakuja maswali mawili yanayofanana, kazi anayofanya mtu na shughuli ya mahali anapofanyia. Watu wanayajibu sawa. Mume wa shangazi analinda hospitali na ameajiriwa na hospitali yenyewe, kwaiyo kazi ni mlinzi na shughuli ya mwajiri ni huduma za afya. Angekuwa ameajiriwa na kampuni ya ulinzi, basi shughuli ya mwajiri ingekuwa ulinzi hata kama lindo ni lile lile la hospitali. Na "fundi" au "biashara" hazitoshi, kuna mtu ofisini atageuza maneno yako kuwa msimbo, mwandikie "fundi wa kushona nguo", "anauza mboga rejareja".

Maswali ya kuona, kusikia, kutembea

Fomu nyingi siku hizi zina maswali sita ya Kundi la Washington, yani kundi la wataalamu wa takwimu za ulemavu lililo chini ya Umoja wa Mataifa. Maswali yenyewe ni kuona, kusikia, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka au kuwa makini, kujihudumia kama kuoga na kuvaa, na kuwasiliana. Majibu ni manne, hakuna shida, kuna shida kiasi, kuna shida kubwa, hawezi kabisa.

Neno ulemavu halimo ndani ya maswali haya na limeachwa makusudi. Nimeona tafsiri ya mtu ameyafupisha yote sita "je kuna mlemavu kwenye kaya", na jibu la karibu kila nyumba likawa hapana, kwa sababu ya aibu au kwa sababu bibi asiyeweza kupanda ngazi haonekani mlemavu, anaonekana mzee. Yaache sita, moja moja, na majibu yabaki manne. Ukiyafanya ndiyo na hapana umeua kipimo, kwani wanaochambua kwa kawaida wanaanza kuhesabu kwenye "shida kubwa" katika angalau swali moja.

Maneno madogo ya kulinda ni "hata akivaa miwani" na "hata akitumia kifaa cha kusikia". Mama mkwe bila miwani haoni mlangoni, akivaa anasoma vizuri, kwa kuona ni hakuna shida. Kwenye kusikia ilikuwa tofauti, hana kifaa na lazima umpigie kelele, yeye mwenyewe alisema shida kubwa. Mtoto wake alitaka iandikwe kiasi. Tulimwachia mwenye masikio.

Watoto aliowazaa na waliofariki

Hili ni fupi ila usilifanye kwenye spika simu ikiwa mezani. Linamuuliza mwanamke watoto wote aliowahi kuzaa wakiwa hai, pamoja na wanaoishi kwingine na waliofariki baadaye. Tafsiri ya "una watoto wangapi" inawapoteza waliofariki. Muulize mwenyewe, peke yake, kwa mafungu matatu, wanaokaa nawe, wanaokaa kwingine, waliozaliwa hai wakafariki, alafu jumlisha na umsomee jumla.

Kabla hajaiwasilisha

Msomee majibu yote kwa Kiswahili kutoka kwenye picha ya fomu iliyojazwa, sio kutoka kwenye karatasi yako, maana kosa la kuweka alama kisanduku cha jirani linaonekana hapo tu. Kagua kwamba hakuna nafasi tupu isiyo na sababu, na kwamba "hajui" hakijatumika kumaanisha "hapana". Kwa shangazi tulikuta mume ana alama ya kiume na ya kike, kalamu ilikuwa imeteleza. Akarekebisha kama jalada lilivyoelekeza.

Sahihi ni yake, wewe huweki sahihi wala huchagui jibu. Ukikwama kwenye maana piga namba ya msaada iliyo kwenye fomu, na uliza kama wana mwongozo wa kusomea kwa Kiswahili, baadhi ya ofisi za takwimu huwa nao ingawa fomu yenyewe lazima ijazwe kwa lugha yao. Sensa ya Marekani ya 2020 ilikuwa na miongozo kwa lugha 59 mbali na Kiingereza, na Kiswahili kilikuwemo. Fomu ikiomba namba ya siri ya benki, nywila au malipo, simama hapo hapo, sensa haiulizi hayo, na mwambie asijibu mpaka athibitishe kwa namba rasmi aliyoitafuta mwenyewe.

Ikishatumwa futa picha kwenye simu yako, kwenye chati na kwenye hifadhi ya mtandaoni kama simu inajihifadhi yenyewe, na mwambie naye afute. Karatasi yangu ya tafsiri naibakiza ila bila majina, maana wiki ijayo jirani wa shangazi ataleta fomu ile ile.